Padi ya PS4 kwenye kompyuta: kuunga kwa waya au Bluetooth, na batani zinapogoma kusoma

Maswali haya yanarudi kila siku, kutoka kwa vijana wa Kampala, Busia, Arua, hadi Mbarara, na yanafanana mno: "kaka nimechomeka padi inawaka taa tu lakini gemu haioni", "boss, Bluetooth inakubali halafu inakata", "X na mduara hazifanyi kazi ila analogi ziko sawa". Kwa hiyo nimeamua kuandika yote sehemu moja, ukikwama unarudi hapa unasoma taratibu.

Nitashughulika na padi ya PS4 maana ndiyo iliyojaa huku kwetu, nyingi mtumba, nyingine zimetoka kwenye vibanda vya gemu ambako zimepigwa asubuhi mpaka usiku. Kompyuta ni ya Windows 10 au 11. Ya PS5 inaenda karibu njia ile ile, tofauti ni waya wake wa USB-C, na kwenye Bluetooth unashika batani ya Create badala ya Share. Ya Xbox ndiyo rahisi kuliko zote kwa waya, unachomeka na gemu inaiona maana Windows inaijua tangu mwanzo, ila zile Xbox One za mwanzo kabisa hazina Bluetooth ndani yake, usipoteze siku nzima ukiitafuta.

Uwe na hivi kabla hujaanza

Padi yenyewe, iwe na chaji. Waya wa USB wa micro, ule wa simu za zamani za Android, lakini uwe unapitisha data na siyo chaji peke yake, hili nitalieleza chini maana ndilo linalowaangusha wengi. Kama unataka Bluetooth, hakikisha kompyuta inayo: laptopu nyingi zinayo, desktopu nyingi za mtumba hazina. Bonyeza kulia kitufe cha Start, fungua `Device Manager`, angalia kama kuna mstari umeandikwa `Bluetooth`. Kama haupo utahitaji kile kidude kidogo cha Bluetooth cha kuchomeka kwenye USB, maduka ya vifaa vya simu mjini wanavyo.

Kwa upande wa kufungua padi, ukifikia huko, tafuta bisibisi ndogo ya nyota, ile ya mafundi simu, pamba ya masikio, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu (muulize fundi simu anapoinunua), na kipande cha karatasi safi. Basi.

Kwanza waya, hata kama unataka Bluetooth

Najua wengi wanarukia Bluetooth moja kwa moja maana wanataka kukaa mbali na skrini. Anza na waya. Waya unakwambia kama padi ni nzima au mbovu bila kuchanganya mambo ya mawimbi na betri, ukishajua padi ni nzima ndio uhamie Bluetooth.

1. Funga Steam na programu yoyote ya padi uliyowahi kuweka. Zikiwa wazi zinaweza kuishika padi au kuificha, halafu majibu ya jaribio yanakudanganya.

2. Chomeka waya kwenye padi halafu kwenye kompyuta. Desktopu ichomeke nyuma, kwenye bodi yenyewe, siyo mbele, maana zile tundu za mbele kwenye mashine za mtumba mara nyingi zimelegea.

3. Sikiliza ule mlio wa Windows wa kifaa kipya. Ukisikia mlio, subiri kidogo Windows imalize kujipanga. Taa ya padi ikiwaka rangi ya machungwa ikawa inafifia na kurudi taratibu bila mlio wowote, maana yake padi inakula chaji tu, kompyuta haijui kwamba hiyo ni padi.

4. Shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika hii, piga Enter:

```
joy.cpl
```

5. Litafunguka dirisha dogo lenye orodha ya padi. Ya PS4 inajiita `Wireless Controller`. Iguse, bonyeza `Properties`, uingie sehemu ya `Test`.

6. Bonyeza batani moja moja bila haraka uangalie taa nyekundu za namba. Kwenye PS4 mraba ni 1, X ni 2, mduara ni 3, pembetatu ni 4, L1 ni 5, R1 ni 6, L2 ni 7, R2 ni 8, Share ni 9, Options ni 10, kubonyeza analogi ya kushoto ni 11 na ya kulia ni 12. Mishale haina namba, inaonekana kwenye kile kiduara cha `Point of View Hat`.

Chukua karatasi uandike namba zote ambazo haziwaki. Usiseme "nitakumbuka". Hiyo karatasi ndiyo itakuambia huko mbele kama tatizo ni setingi, uchafu au kitu kimelegea ndani, na dirisha hili halitaki intaneti wala bando, liko kwenye Windows tayari.

Sasa turudi kwenye hatua ya 3 kwa wale ambao padi inakula chaji tu. Karibu kila mara ni waya. Waya wa USB una nyuzi nne ndani, mbili za umeme na mbili za data, na hizi waya za bei ya chini za barabarani nyingi wameacha zile mbili za data ili ziwe rahisi kutengeneza. Zinachaji simu vizuri kabisa kwa hiyo mtu anaapa waya ni mzima. Jaribu waya huo huo na simu: chomeka simu kwenye kompyuta, kama simu haikuulizi chochote kuhusu kuhamisha mafaili, na hata ukiingia mwenyewe kwenye setingi za USB hakuna cha kuchagua, basi waya ni wa chaji tu, uache. Nimeona mtu akipanda boda kwenda mjini kununua padi nyingine wakati aliyonayo haikuwa na shida yoyote, hicho kitu kinauma.

Bluetooth

1. Chomoa waya. Padi iwe imezimika, taa isiwake kabisa. Kama inawaka shika batani ya PS sekunde 10 hivi mpaka izime.

2. Kama kuna PS4 humo chumbani au kwa jirani ukuta wa pili na padi hiyo iliwahi kutumika nayo, itoe PS4 kwenye umeme. Padi inakumbuka mashine moja tu, ukigusa PS itaenda kuiamsha ile PS4 badala ya kuja kwako.

3. Shika Share na PS kwa pamoja, usiachie, sekunde 3 mpaka 5. Taa itaanza kupepesa haraka haraka, mbili mbili. Ikipepesa polepole bado haiko tayari kuunganishwa, inamtafuta mwenyewe wa zamani, zima uanze upya.

4. Windows 11: `Settings`, `Bluetooth & devices`, `Add device`, `Bluetooth`. Windows 10: `Settings`, `Devices`, `Bluetooth & other devices`, `Add Bluetooth or other device`, `Bluetooth`.

5. Litatokea jina `Wireless Controller`. Liguse. Ikikuuliza namba ya siri andika 0000.

6. Taa ikitulia rangi moja, rudi `joy.cpl` urudie jaribio la batani zote, ulinganishe na ile karatasi ya waya.

Kosa la kawaida hapa ni kubonyeza PS peke yake na kusubiri. PS peke yake inaita mashine ya mwisho iliyoungwa, haijitangazi kwa mashine mpya. Kosa la pili ni kusahau kwamba baada ya hapa padi haitarudi yenyewe kwenye PS4, ukitaka kuirudisha unaichomeka kwa waya kwenye PS4, unabonyeza PS, imeisha.

Ikiwa Bluetooth inaunga halafu inakata, au batani zinachelewa, unapiga shuti mpira unaondoka baadaye, angalia kwanza chaji, halafu pale ulipochomeka kile kidude. Tundu za USB 3, nyingi zina rangi ya bluu ndani, zikiwa zinafanya kazi zinatoa kelele za mawimbi pale pale kwenye gigahetzi 2.4 ambapo Bluetooth inaongea. Hamishia kidude kwenye tundu nyeusi ya USB 2, na kama desktopu iko chini ya meza imefunikwa na bati lake, tumia waya wa kurefusha USB ukiweke kidude juu ya meza pakiwa wazi. Hiyo peke yake inatibu kesi nyingi kuliko driva yoyote utakayopakua.

Kama bado, ingia `Device Manager`, fungua `Bluetooth`, bonyeza mara mbili kwenye jina la kifaa chako cha Bluetooth, na kama kuna ukurasa wa `Power Management` ondoa tiki kwenye `Allow the computer to turn off this device to save power`. Laptopu hasa zinapenda kulaza Bluetooth ili kubana betri.

Na kama Windows inasema imeshaungwa lakini padi haifanyi kitu, usiendelee kubonyeza `Connect`. Bonyeza `Remove device`, geuza padi, tafuta kitundu kidogo nyuma karibu na skrubu ya upande wa L2, ingiza pini au ncha ya stiki ya meno ubonyeze sekunde 5, halafu anza kuunga upya tangu hatua ya 1.

Inasoma kwenye joy.cpl lakini gemu haioni

Hapa padi yako ni nzima na usiifungue. Shida ni kwamba gemu nyingi za kompyuta zinategemea padi inayojitambulisha kama ya Xbox, na ya PS4 inajitambulisha kwa njia nyingine ya zamani. Kwa hiyo unahitaji kitu cha kusimama katikati kitafsiri.

Njia ninayopendekeza ni Steam maana ni bure na wengi mnayo tayari.

1. Fungua Steam, ingia `Settings`, halafu `Controller`. Padi ikiwa imeungwa itaonekana hapo juu.

2. Washa sehemu inayotaja Steam Input kwa padi za PlayStation.

3. Kama gemu hukuinunua Steam, nenda menyu ya `Games`, chagua `Add a Non-Steam Game to My Library`, tafuta faili la kuwashia gemu uliongeze.

4. Sasa washa gemu ukitokea ndani ya Steam, siyo kwa ile ikoni ya kwenye desktopu. Ukiwashia nje, Steam haitafsiri chochote na utarudi kusema haifanyi kazi.

Asiyetaka Steam anaweza kutumia DS4Windows. Ipakue kutoka GitHub tu, kuna tovuti nyingi zimechukua jina hilo zikajaza matangazo na mafaili ya ajabu, na mtu anamaliza bando kupakua virusi. Itakuomba uweke driva ya ViGEmBus, kubali, maana ndiyo inayotengeneza hiyo padi ya Xbox ya kuigiza.

Onyo moja kubwa: chagua moja kati ya hizo mbili. Ukiwasha zote pamoja gemu inaona padi mbili, ukibonyeza X mara moja inahesabu mbili, kwenye menyu unaruka mistari, na kwenye gemu za mpira inaonekana kama wachezaji wawili wanaendeshwa na mtu mmoja. Watu wanadhani batani zimeharibika kumbe ni tafsiri mbili zinapishana.

Batani hazisomi hata kwenye joy.cpl

Sasa ichukue ile karatasi yako.

Namba moja tu ndiyo haiwaki, au inawaka ukibonyeza kwa nguvu sana: huo ni uchafu au mpira wa batani umechoka. Vumbi jekundu la huku kwetu, soda iliyomwagika, mafuta ya rolex mtu anayekula huku anacheza, vyote vinaingia pembeni mwa batani vinashuka chini.

Namba kadhaa hazifanyi kazi kwa pamoja, au zinajibonyeza zenyewe, lakini analogi mbili ziko vizuri na namba 11 na 12 zinawaka: hapa ndipo penye siri ya padi ya PS4 na ndiyo sababu kubwa ya kuandika haya yote. Batani za mbele, mishale, L1, R1, L2 na R2 hazijachomewa kwenye bodi. Ziko kwenye karatasi nyembamba ya plastiki yenye mistari ya kupitisha umeme, tuiite filamu, na filamu hiyo inaingia kwenye bodi kupitia mkia wake mmoja tu. Kwenye padi nyingi mkia huo haujachomekwa popote, umelazwa juu ya kipande cha sponji na bodi inakandamizwa juu yake kwa skrubu moja. Sponji ikizeeka inalala, mkia unaacha kugusa vizuri, na batani zinakufa kwa makundi. Analogi zimechomewa kwenye bodi kabisa ndiyo maana zenyewe hazina habari.

Kuna kijana wa Busia, upande wetu, aliniletea padi ya namna hiyo. Alikuwa ameshaambiwa bodi imeungua atafute nyingine. Tukachomeka waya, `joy.cpl`, tukajaribu zote: 3, 4 na 6 hazikuwaka, yaani mduara, pembetatu na R1, nyingine zote nzima, analogi safi. Nikamwambia aikamue padi katikati kwa viganja viwili huku anabonyeza mduara. Taa namba 3 ikawaka. Akaachia, ikazima. Hapo hakuna haja ya kubishana tena, bodi iliyoungua haiponi kwa kukamuliwa, ni mkia wa filamu umelegea. Fanya jaribio hili la kukamua kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Kuifungua iko hivi:

1. Izime kabisa, chomoa waya. Ilaze juu ya kitambaa cheupe ili uone skrubu zikianguka.

2. Nyuma kuna skrubu nne. Bisibisi ikae sawa kabla ya kuzungusha maana hizi skrubu ni laini, ukisaga kichwa chake umejitengenezea kazi ya siku nzima.

3. Anza kutenganisha kava kwenye mikono ya kushikia, taratibu, kuelekea juu. Usivute kwa nguvu kuitoa moja kwa moja. Kava la nyuma limefungwa na bodi kwa utepe mwembamba unaotoka kwenye tundu la chaji, ukivuta kama mtu anafungua bahasha unaukata, na hapo padi haichaji tena. Angalia pia springi ndogo za L2 na R2, zinaruka.

4. Chomoa utepe huo kwa kuuvuta sawasawa. Chomoa betri kwa kushika kichwa chake cheupe, siyo nyaya. Usiitoboe wala kuikunja betri, inaweza kushika moto.

5. Inua kile kisahani cha plastiki cha betri. Utaona bodi ya kijani na skrubu moja inayoishika. Itoe, achia na utepe wa ile sehemu ya kugusa ya katikati, halafu inua bodi polepole pamoja na mota zake za kutetemeka, nyaya zake zimechomewa kwa hiyo usizivute.

6. Chini ya bodi utauona mkia wa filamu: safu ya vialama vyeusi vidogo vimepangana juu ya sponji, na kwenye bodi upande wa pili kuna safu ya vialama vya dhahabu vinavyolingana navyo. Lowesha pamba kidogo kwa spiriti, futa safu zote mbili kwa wepesi. Ule weusi ndio unaopitisha umeme, ukisugua kama unafuta sufuria unautoa na filamu imekwisha.

7. Kunja karatasi iwe tabaka mbili au tatu, ikate iwe na upana na urefu wa sponji, iweke chini ya sponji au kati ya sponji na mkia. Isizidi ukingo. Kwa yule kijana wa Busia tabaka mbili zilitosha. Ukijaza nyingi bodi haikai chini, skrubu inaivuta kwa lazima na unaweza kuivunja.

8. Kama kulikuwa na batani moja yenye uchafu, huu ndio wakati wake. Toa filamu kwenye vile vidoti vyake vya plastiki, toa mpira ulio chini yake, ufute upande unaogusa filamu, na batani zenyewe za plastiki zioshe kwa maji ya sabuni, zikauke kabisa kabla ya kurudi.

9. Rudisha bodi na uifunge ile skrubu kabla ya kujaribu. Watu wengi wanajaribu bila skrubu, wanaona batani zote zimekufa, wanaogopa. Hiyo skrubu ndiyo inayokandamiza, bila yake hakuna kinachogusa.

10. Rudisha tepe zote na betri, usifunge kava bado. Chomeka waya, fungua `joy.cpl`, pitia namba zote tena. Zikiwaka zote, funga. Kama kundi moja bado linagoma ongeza tabaka moja la karatasi urudie.

Usitumie petroli wala spiriti ya majiko, zinaacha mafuta na zinaharibu plastiki. Maji kwenye bodi ni hapana.

Ukikwama bado

Umeweka karatasi, umesafisha, ukikamua hakuna mabadiliko na batani zile zile zimekufa: filamu yenyewe imekatika mstari. Iangalie kwenye mwanga, mara nyingi ufa uko pale inapokunjwa kwenda L1 au R1. Filamu mpya zinauzwa peke yake na mafundi wa gemu wanazo au wanaagiza, lakini siyo zote zinaingiliana. Kwenye bodi yako kumeandikwa JDM na namba, kwa mfano JDM-040 au JDM-055. Piga picha maandishi hayo na filamu yako ya zamani, mpelekee muuzaji afananishe, usikubali "hii inaingia zote".

Namba zinawaka zote lakini batani zimepishana, unabonyeza X gemu inafanya mraba: siyo ubovu. Gemu imeisoma padi kwa njia ya zamani bila mtafsiri. Rudi kwenye Steam.

Mishale inasoma lakini mchezaji anatembea mwenyewe bila wewe kugusa: hiyo ni analogi imelika, filamu haihusiki, kuitengeneza ni kutoa analogi kwenye bodi kwa moto na kuchomea nyingine, mpe fundi mwenye uzoefu wa kuchomelea.

Kwa waya kila kitu kiko sawa ila kwa Bluetooth haionekani kabisa hata taa ikipepesa vizuri: jaribu kuiunga na simu ya Android. Simu ikiiona, tatizo liko kwenye Bluetooth ya kompyuta. Simu nayo isipoiona, uwezekano mkubwa ni padi ya kuigiza ambayo Bluetooth yake haifanani na ya asili. Kuhakikisha, ichomeke kwa waya, ingia `Device Manager`, fungua `Human Interface Devices`, bonyeza kulia kwenye `HID-compliant game controller`, `Properties`, `Details`, halafu kwenye orodha chagua `Hardware Ids`. Ya Sony inaonyesha moja kati ya hizi:

```
VID_054C&PID_05C4
VID_054C&PID_09CC
```

Ya kwanza ni toleo la mwanzo, ya pili ni lile lenye mstari wa taa unaoonekana hata juu kwenye sehemu ya kugusa. Ukikuta VID nyingine kabisa, siyo ya Sony. Kuna za kuigiza ambazo zinanakili hata namba hizi, kwa hiyo namba ikiwa sawa bado siyo ushahidi kamili, lakini ikiwa tofauti ni ushahidi tosha. Padi ya namna hiyo itumie kwa waya, inafanya kazi yake, na usinunue kidude kingine cha Bluetooth kwa ajili yake.